Kitanda Ambacho Hakipo

Chumba kitupu hakipendezi pichani. Ukisimama mlangoni na simu yako, utakachopata ni kuta, sakafu ya vigae, waya unaoning'inia darini bila taa, na kona zinazoonekana kama zimebanana. Jicho halina cha kushikia. Anayeitazama picha hiyo akiwa kwenye daladala hawezi kujua kama kitanda chake cha sita kwa sita kitaingia na kabati likapata pa kusimama, au kabati litaishia koridoni. Ndiyo maana baadhi ya wenye nyumba na madalali wameanza kufanya kile ambacho mawakala wa Marekani na Ulaya wamekifanya kwa miaka mingi: wanakipiga picha chumba kikiwa kitupu, kisha wanakiwekea kitanda, kapeti na meza kwa kompyuta.

Hakuna dhambi katika jambo hilo. Samani za kuchora zinajibu swali ambalo kila mpangaji analo, yaani vitu vyangu vitakaaje humu? Mashaka yanaanza pale jibu linapokuwa la uongo. Na uongo wenyewe mara nyingi hauko kwenye kochi la kifahari wala maua yaliyowekwa mezani, maana hayo mtu mzima anayajua kuwa ni mapambo. Uko kwenye vipimo.

Tuchukue mfano wa chumba kimoja masta, Kijitonyama, cha futi 10 kwa 12. Kwa mita ni karibu 3.05 kwa 3.66. Sakafu ina vigae vya sentimita 40 kwa 40, kwa hiyo ukihesabu ukuta hadi ukuta utapata vigae saba na nusu upande mmoja na tisa upande wa pili. Hesabu hiyo ya vigae ndiyo rula yako, na uzuri wake ni kwamba inaonekana ndani ya picha yenyewe. Sasa kitanda cha tano kwa sita, pamoja na fremu ya mbao na ubao wa kichwani, hufika karibu sentimita 165 kwa 205. Maana yake, kikiwekwa katika picha hii ni lazima kifunike vigae vinne kwa upana na vitano kwa urefu. Ukikiegemeza katikati ya ukuta wa futi 10, kila ubavu utabaki na sentimita 70, ambazo zinatosha stuli ndogo ya taa na mtu kupita kwa upande. Miguuni utabaki na mita moja na nusu na ushee. Ukiweka hapo kabati la kina cha sentimita 60, njia iliyobaki ni kama mita moja. Hicho ni chumba kizuri kwa mtu mmoja au wawili. Lakini kochi halikai humo, na atakayelichora atakuwa anasema jambo lisilowezekana.

Tazama sasa kinachotokea mchoraji akikipunguza kitanda kidogo tu, kikafunika vigae vitatu kwa vinne. Picha inakuwa nzuri zaidi. Nafasi imeongezeka pande zote, kochi limepata kona, na bado kuna uwazi wa kuchezea mtoto. Anayeitazama hahesabu vigae. Anachukua kitanda kama kipimo, kwa sababu ukubwa wa kitanda anaujua tangu utotoni, na kwa kipimo hicho chumba cha futi 10 kwa 12 kinageuka kichwani mwake kuwa cha futi 13 kwa 16. Hakuna neno la uongo lililoandikwa popote. Kitanda kimedanganya peke yake. Na hata ukiandika chini ya picha kwamba samani zimechorwa, msomaji ataelewa tu kwamba kitanda hakipo. Hatajua kwamba kitanda cha namna hiyo, kwa ukubwa wa kulala mtu mzima, hakiwezi kuacha nafasi anayoiona. Kwa hiyo tangazo la uaminifu linaanza na tepu ya fundi, kabla ya kompyuta kuwashwa.

Kazi yenyewe huanzia kwenye upigaji. Simu nyingi za sasa zina lenzi pana, ile inayoandikwa 0.5x kwenye kioo. Inavutia kwa sababu inaingiza chumba kizima hata ukiwa umeegemea ukuta, ila inausukuma ukuta wa mbele mbali na kuvivuta vitu vya pembeni. Chumba cha futi 12 kinaonekana kama ukumbi kabla hata hujaongeza chochote. Tumia 1x, rudi nyuma hadi nje ya mlango ikibidi, na ukubali kwamba kona moja haitaonekana. Ishike simu wima bila kuiinamisha, ili miimo ya mlango isimame wima pichani. Na upime urefu wa simu kutoka sakafuni. Sentimita 120 zinafaa, karibu na kifua cha mtu wa kimo cha kawaida. Uandike urefu huo mahali, maana utauhitaji.

Utauhitaji kwa sababu ya kanuni moja ambayo wachoraji wa majengo wanaijua na wengine wengi hatujawahi kuambiwa. Ukiifuata mistari ya vigae inayoelekea mbali na kuirefusha kwa kalamu, itakutana mahali pamoja. Chora mstari wa mlalo kupitia hapo, kutoka upande mmoja wa picha hadi wa pili. Mstari huo uko kwenye urefu wa kamera. Kama simu ilikuwa sentimita 120 kutoka sakafuni, basi kila kitu chenye urefu wa sentimita 120 kitagusa mstari huo, kiwe karibu na mlango au kimesimama ukuta wa mwisho. Ubao wa kichwani wa kitanda wenye sentimita 110 utaishia chini yake kidogo. Kabati la mita mbili litauvuka: sehemu tatu chini ya mstari, sehemu mbili juu. Kwa kanuni hiyo unaweza kuikagua picha yoyote. Mlango wa kawaida una kama sentimita 210, hivyo ukigawanywa na mstari huo utakupa sehemu nne chini na tatu juu. Mlango ukikubali na kabati likakataa, kabati ndilo lenye kasoro.

Kosa la hapa huonekana hata kwa asiyejua kanuni. Mtu anachukua picha ya kitanda kutoka katalogi ya duka, iliyopigwa kutoka juu, na kukibandika katika chumba kilichopigwa kutoka usawa wa kifua. Kitanda kinaonekana kama kinateleza kuelekea kwako. Wengi watasema tu picha ina kitu, bila kujua ni nini.

Kinachofuata ni mwanga, na nyumba zetu zina mtego wake. Vigae vinavyopendwa mijini ni vile vinavyong'aa. Chumba kikiwa na dirisha moja, sakafu hiyo inakuwa kioo hafifu: utaliona dirisha limelala chini, na mlango pia. Ukiweka kitanda juu ya sakafu hiyo bila kukipa taswira yake chini, kinaelea. Kwa anayetumia GIMP, programu ya bure, njia ni kunakili samani kwenye tabaka jingine, kuigeuza juu chini, kuiteremsha hadi miguu igusane, kisha kuififisha hadi ibaki hafifu sana na kutoweka kadiri inavyoshuka. Kivuli nacho huwekwa kwenye tabaka lake, katika hali inayoandikwa Multiply. Kinakuwa cheusi na chembamba pale mguu unapogusa kigae, kisha kinasambaa na kufifia upande usio na dirisha. Kivuli hicho kidogo cha chini ya mguu ndicho kinachokifanya kitanda kikae sakafuni. Siku hizi wenye haraka hawapiti njia hii ndefu, na hapo ndipo mambo yamekuwa magumu.

Zipo programu za akili unde ambazo unazipa picha ya chumba kitupu na kuziambia zikiwekee samani za chumba cha kulala. Baada ya muda mfupi unarudishiwa picha yenye vivuli sahihi na taswira sakafuni, kazi ambayo mtu angeifanya nusu siku. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya hizo hazibandiki samani juu ya picha yako. Zinaichora picha upya, yote, na katika kuichora zinarekebisha zisichoambiwa. Doa la unyevu chini ya dirisha linapotea. Soketi iliyokuwa karibu na mlango haipo tena, au zimekuwa mbili. Nondo za dirisha zimeondolewa na nje kumeota mti mahali penye ukuta wa jirani. Dirisha lenyewe limepanuka kwa kiasi cha kiganja. Pangaboi limezaliwa darini. Dalali hakukusudia lolote kati ya hayo, naye pengine hakuliona, lakini mpangaji atakayefika na sanduku lake hataulizwa nani alikusudia nini.

Dawa yake ipo na si ngumu. Fungua picha ya asili na ile iliyochorwa katika programu moja, uziweke tabaka juu ya tabaka, kisha ufiche na kufichua ile ya juu mara kadhaa. Kila kilichobadilika kitarukaruka machoni. Halafu futa tabaka la juu kila mahali isipokuwa penye samani, vivuli vyake na taswira zake, ili kuta, dari, dirisha na sakafu zibaki zile za kamera. Na kwa kuwa programu hizo hazijui kuwa kitanda cha Kijitonyama kina futi tano kwa sita, rudi kwenye vigae uhesabu. Mara nyingi zinachora kitanda kidogo kuliko kinavyopaswa, kwa sababu zinatafuta picha inayopendeza na hazina tepu.

Mpaka wa kipi kiongezwe na kipi kisiguswe nauona hivi: chochote ambacho mpangaji atakileta kwenye kirikuu chake siku ya kuhamia kinaweza kuchorwa. Kitanda, kapeti, meza, kiti, kabati la kusimama, taa ya mezani. Chochote atakachokikuta au kukikosa siku ya kukabidhiwa funguo kiachwe kama kilivyo. Humo mna pangaboi, kiyoyozi, kabati la ukutani, sinki, rangi ya ukuta, ufa, doa, idadi ya soketi na kinachoonekana dirishani. Mapazia yanasumbua kidogo, kwa kuwa wapo wenye nyumba wanaoacha fimbo na pazia na wapo wanaong'oa hadi misumari. Mimi ningeyaacha. Kuongeza mwanga wa picha, kuinyoosha au kurekebisha umanjano wa balbu si udanganyifu, mradi usikifanye chumba cha gizani kionekane kinapigwa na jua la asubuhi.

Wabunge wa jimbo la California nchini Marekani wamefika karibu na mpaka huohuo. Sheria yao inayojulikana kama AB 723, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, inamtaka wakala anayetangaza nyumba ya kuuza kwa picha iliyobadilishwa kidijitali aseme hivyo kwenye picha au kando yake, kwa namna inayoonekana, na aweke kiungo au msimbo wa kuskani unaompeleka mtazamaji kwenye picha ya asili. Inataja samani, sakafu, kuta, rangi, hata mandhari ya dirishani na nguzo za umeme za barabarani. Kurekebisha mwanga, kunyoosha na kukata kingo hakuhesabiwi. Sheria hiyo inahusu uuzaji, haikuandikiwa upangishaji, na haitufikii huku. Tanzania haina haja ya kuisubiri: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Sheria ya Mikataba inampa aliyekubali mkataba kwa kupotoshwa nafasi ya kuukataa. Lakini ni nani atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya kitanda cha picha? Hasara ya mpangaji ni ndogo na ya kila siku: nauli ya bodaboda kutoka Mbagala, pesa ya kuonyeshwa nyumba isiyorudishwa, ruhusa ya kazini. Kwa aliyeko Mwanza au Maskati anayemkodia mama yake chumba na kutuma kodi ya miezi sita kwa picha tu, hasara si ndogo tena.

Kwa hiyo swali la maana ni la kiutendaji. Ukishachora kwa haki, useme wapi kwamba umechora? Wengi huandika katika maelezo ya tangazo, chini kabisa, baada ya bei na namba ya simu. Hiyo haitoshi, na sababu yake ni jinsi picha za nyumba zinavyosafiri kwetu. Dalali wa kwanza anaweka picha kwenye kundi la WhatsApp. Wa pili anaichukua na kuiweka kwenye stetasi yake, bila maelezo yale, akiandika bei yake mwenyewe. Wa tatu anaikuta huko na kuipandisha Instagram. Maelezo yamebaki nyumbani, picha imefika mjini. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili nazo hazisaidii, kwa kuwa WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida.

Maneno lazima yawe ndani ya picha. Na yasiwe pembeni. Picha ya mlalo ya kawaida ina uwiano wa nne kwa tatu. Ikikatwa kuwa mraba, kama inavyokatwa kwenye vijipicha vya mitandao, inapoteza sehemu moja ya nane kila upande. Maandishi yaliyojibanza kwenye kona yanaondoka nayo. Ukingo wa chini nao hukatwa na dalali anayetaka kuondoa namba ya mwenzake. Yaweke katikati, chini kidogo ya kitanda, juu ya sakafu, kwenye ukanda mweupe wenye herufi nyeusi. Kama picha ina upana wa pikseli 1080, herufi za urefu wa pikseli 40 zitasomeka kwenye simu bila kuvuta kioo. Picha itapungua uzuri kidogo, ndiyo.

Kuhusu maneno yenyewe, nimeona yanayotumika na mengi yanakwepa. "Picha kwa ajili ya mfano" inaweza kumaanisha chochote, hata kwamba hicho si chumba chenyewe. "Muundo wa kidijitali" hakuna anayeuelewa. Ninapendekeza sentensi mbili fupi: "Samani zimechorwa kwa kompyuta. Chumba kinapangishwa kitupu." Ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu nyumba yenye samani ina kodi yake tofauti, na mtu asije akauliza, "Dada, na kitanda kinabaki?" huku akiwa ameshapanga bajeti. Ongeza vipimo: "Futi 10 kwa 12. Kitanda kimechorwa kwa kipimo cha 5 kwa 6." Mstari huo ni mgumu kwa mdanganyifu kuuandika, maana yeyote mwenye uwezo wa kuhesabu vigae anaweza kumuumbua.

Kisha weka picha ya chumba kitupu, iliyopigwa kutoka palepale, mara tu baada ya hiyo. Isiwe ya saba baada ya geti, tangi la maji na mita ya Luku. Iwe ya pili. Zikikaa pamoja, mtazamaji anatelezesha kidole na kuona kitanda kikitokea na kutoweka huku kuta zikiwa zimetulia. Hakuna maelezo yanayoshinda jambo hilo. Njia iliyo salama zaidi, kwa kuwa hata picha mbili hutenganishwa zinaposambazwa, ni kuziunganisha kuwa moja, kitupu juu na chenye samani chini, na maandishi katikati. Dalali atalalamika kwamba inaharibu mvuto. Lakini dalali huyohuyo ndiye anayepoteza siku nzima akizungusha wateja wanaofika mlangoni, wanatazama ndani, wanatazama simu, kisha wanageuka bila kuaga.

Nawe unayetafuta chumba, huna haja ya kujua programu yoyote. Tafuta mahali miguu ya kitanda inapogusa sakafu uone kama kuna kivuli. Kama sakafu inang'aa na dirisha linaonekana ndani yake, tafuta na kitanda ndani yake. Hesabu vigae chini ya kitanda, kisha uliza kigae kina sentimita ngapi. Mwenye nyumba anajua, alivinunua mwenyewe. Linganisha picha mbili za chumba kimoja uone kama dirisha limebaki na upana uleule na soketi ziko pale pale. Na kabla hujatuma pesa ya kuonyeshwa, mwombe dalali picha ya chumba hichohicho kikiwa kitupu, pamoja na video fupi ya kuingia mlangoni hadi ukuta wa mwisho. Akisema hana, mwambie aende akapige. Simu anayo, na chumba kiko wazi.